Saketi yenye chanzo tegemezi: shoti, chanzo cha majaribio, au kuzima vyote?

Binti_Njiro (Arusha)
Habari za jioni wadau. Nina mtihani wa saketi Jumatatu na swali moja limetugawa chumba kizima. Naliandika kwa maneno kwa kuwa picha inagoma kupanda.

Betri ya 24 V inapita kwenye R1 ya 6 Ω mpaka nodi N. Mkondo unaopita R1 kuelekea N unaitwa ix. Kutoka N kwenda ardhini kuna R2 ya 6 Ω, na sambamba nayo kuna chanzo tegemezi cha mkondo kinachosukuma 2ix kuingia N. Kisha R3 ya 3 Ω inatoka N hadi ncha a. Ncha b ni ardhi. Tunatakiwa kupata chanzo kimoja kilicho sawa na saketi hii kati ya a na b, halafu mzigo RL utakaopata nguvu kubwa kuliko yote.

Mimi nimepiga shoti a na b nikapata 4.5 Ω. Rafiki yangu amezima vyanzo vyote akapata 6 Ω. Mwenzetu wa tatu mlinganyo umemfutikia kabisa, kabaki na 0 = 24. Mnashauri njia ipi, na kwa nini majibu yanatofautiana?

Waya_Tatu
Dada, usijichoshe. Zima betri, weka waya mahali pake. Zima na chanzo cha mkondo, kiache wazi. Inabaki 6 sambamba na 6, ni 3, jumlisha R3 unapata 6 Ω. Ndivyo tulivyofundishwa: zima vyanzo, hesabu ukinzani. Na hata ukikosea kidogo haina madhara. Volteji ya ncha zikiwa wazi ni 18 V. Ukiweka mzigo wa 6 Ω badala ya 4.5 Ω unapata 17.6 W badala ya 18 W. Nani ataiona tofauti hiyo?

Mwl_Kibosho (Moshi)
Ndugu yangu Waya_Tatu, hesabu yako ya wati ni sahihi na inafundisha jambo: karibu na kilele, nguvu haishuki haraka. Lakini kwenye kuzima umepotea, na ukizoea hivyo saketi nyingine itakutupa mbali sana.

Betri inazimwa kwa sababu ni huru. Chanzo tegemezi hakizimwi kwa sababu hakitoi chochote chenyewe. Kinaitikia tu kinachotokea kwenye R1, na wewe ukisukuma mkondo kutoka nje, R1 inapata mkondo, basi nacho kinaamka. Tazama kwa karibu. Zima betri tu, kisha inua N hadi volteji v. Kupitia R1, mkondo wa v/6 unarudi kuelekea ilipokuwa betri. Kwa hiyo ix ni hasi, na chanzo kilichokuwa kinasukuma 2ix kuingia N sasa kinavuta 2v/6 kutoka N. Jumla inayoondoka kwa njia hizo mbili ni 3v/6, yaani v/2. Ukisimama N na kutazama upande ule, huoni 6 Ω, unaona 2 Ω. 2 sambamba na 6 ni 1.5, jumlisha 3 ya R3 unapata 4.5 Ω. Binti_Njiro, jibu lako ni sahihi.

Binti_Njiro
Shikamoo mwalimu, na ahsante sana. Kwa hiyo shoti ndiyo njia ya kuitegemea siku zote?

Mwl_Kibosho
Marahaba mwanangu. Tuzilinganishe kwenye saketi hii hii.

Kwa shoti unatatua saketi mara mbili, betri ikiwa hai. Ncha zikiwa wazi, R3 haina mkondo, kwa hiyo:

```
3(24 - V)/6 = V/6        ->  V = 18
```

Ukipiga shoti, R3 inashuka kutoka N hadi ardhini:

```
3(24 - V)/6 = V/6 + V/3  ->  V = 12,  Isc = 12/3 = 4 A
```

18 kugawa kwa 4 ni 4.5 Ω. Uzuri wake ni kwamba ile 18 V ulikuwa unaihitaji hata hivyo, basi kazi ya ziada ni mstari mmoja tu. Wengi hukosea hapa kwa kudhani shoti inaifanya N iwe sifuri. Hapana, kilicho sifuri ni ncha a. N ina 12 V kwa sababu R3 iko katikati.

Kwa chanzo cha majaribio unazima betri na kuingiza 1 A kupitia ncha a, kisha unauliza a imefika volti ngapi. Mlinganyo wa N ni `3(-V)/6 + 1 = V/6`, V ni 1.5, na R3 inaongeza 3 V. A iko 4.5 V kwa 1 A. Namba zimepungua, lakini alama ya ix imegeuka, na ndiyo kosa ninalolikuta mara nyingi nikisahihisha: mwanafunzi anasahau ile hasi. Akisahau, mlinganyo unampa V = -3, na ncha a inatoka 0 V. Kwa hiyo anaandika 0 Ω na kuendelea kwa amani.

Lakini iko saketi ambayo shoti haiwezi. Ondoa betri kabisa, abaki chanzo tegemezi na resista tu. Volteji ya wazi ni 0, mkondo wa shoti ni 0, na 0 kwa 0 haikuambii kitu. Hapo ni chanzo cha majaribio peke yake. Kwa mtihani mimi ningetumia shoti kwanza, kisha majaribio kuhakiki. Zisipokubaliana, rudi kwenye alama ya ix kabla ya kugusa kingine chochote.

Fundi_Soweto (Moshi)
Naomba kuuliza la kwangu, linafanana. Nina amplifaya ya kwaya, spika yake ni ya 8 Ω. Niliambiwa ukinzani wa ndani wa amplifaya ni mdogo sana, chini ya omu moja. Kwa maelezo yenu, nikiweka spika zenye jumla ya omu chini ya moja si nitapata nguvu kubwa zaidi? Niliwahi kuunganisha nne sambamba, jumla 2 Ω, transista za mwisho zikaungua dakika ya tatu ya wimbo.

Mwl_Kibosho
Pole sana kaka. Kanuni haijakudanganya, ila umeitumia nje ya mipaka yake. Ule ukinzani mdogo ni kweli pale mkondo unapokuwa mdogo, ambapo volteji na mkondo vinakwenda kwa mstari ulionyooka. Ukishusha mzigo hadi 2 Ω, unaomba mkondo mara nne ya ule wa 8 Ω, na transista zinafika kikomo cha joto mapema kuliko kilele cha hesabu. Chanzo sawa cha Thevenin hakijui joto wala kikomo. Fuata omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Na ukitaka kupima ukinzani wa ndani wa kitu halisi, usipige shoti. Pima volteji ya wazi kwa maltimita, kisha weka mzigo unaovuta kiasi tu, pima tena, upige hesabu kwa jinsi volteji ilivyoshuka.

Jua_Sakina (Arusha)
Mimi nafunga sola. Sioni kwa nini mtu atake hali hii. Mzigo ukilingana na ukinzani wa ndani, nusu ya umeme inapotea. Binti, andika kwenye jibu lako kwamba ufanisi ni asilimia 50, utapata alama ya ziada.

Mwl_Kibosho
Kaka, swali halikuuliza ufanisi, na akiandika hivyo atapoteza alama. Asilimia 50 ni ya kile chanzo cha kufikirika cha 18 V na 4.5 Ω. Ndani ya saketi yenyewe mambo ni mengine. Weka mzigo wa 4.5 Ω: unapata 9 V na 2 A, yaani 18 W. N iko 15 V, kwa hiyo ix ni 1.5 A na chanzo tegemezi kinasukuma 3 A. Betri inatoa 36 W, chanzo tegemezi kinatoa 45 W. Jumla 81 W, mzigo unakula 18 W, ambazo ni kama asilimia 22. Chanzo sawa kinasema kweli kuhusu ncha a na b tu. Kilichoko nyuma yake hakikielezi.

Jua_Sakina
Hilo nimelielewa mwalimu. Nilidhani vikiwa sawa ni sawa mpaka ndani.

Binti_Njiro
Na yule wa 0 = 24? Nimetazama daftari lake. Amechora mshale wa 2ix ukitoka N badala ya kuingia.

Mwl_Kibosho
Basi hajakosea hesabu, amesoma mshale vibaya tu, na saketi aliyoichora ni nzuri kuitazama. Ncha zikiwa wazi:

```
(24 - V)/6 - 2(24 - V)/6 = V/6   ->   -24 + V = V
```

V inafutika pande zote. Maana yake volteji ya wazi haipo, na saketi hiyo haina Thevenin. Mwambie apige shoti: `-24 + V = 3V`, V ni -12, mkondo wa shoti ni -4 A. Akiweka mzigo wowote badala ya shoti atapata -4 A ile ile. Saketi yake ni chanzo kamili cha mkondo, ina umbo la Norton pekee. Nguvu kwenye mzigo ni 16 × RL, inapanda kila RL inapopanda, kwa hiyo hakuna mzigo wa nguvu kubwa kuliko yote.

Waya_Tatu
Mwalimu, nakubali kuhusu kuzima. Sasa nimejaribu mshale ule wa kutoka N, nikaweka R2 ya 12 Ω. Napata 48 V wazi na ukinzani wa -9 Ω kwa njia zote mbili. RL iwe ngapi?

Mwl_Kibosho
Hesabu yako ni sahihi. Mkondo ni `48/(RL - 9)`, na kadiri RL inavyokaribia 9 mkondo unakwenda bila kikomo, na nguvu nayo. Kwa hiyo kilele hakipo. Mimi ningeandika hivyo hivyo kwenye karatasi.

Binti_Njiro
Mwalimu wetu darasani alisema ukinzani ukitoka hasi tuchukue namba bila alama, tuandike 9 Ω.

Mwl_Kibosho
Kwa 9 Ω hasa, unagawa kwa sifuri. Kabla ya Jumatatu mpelekee mlinganyo huo umuulize kwa heshima anataka nini kiandikwe, maana atakayesahihisha ni yeye, si mimi.