UKOO WA UJIJI 🌴

Shangazi Mwajuma, 19:02
Assalaam alaykum. Zuhura anauza vitenge kwa simu tu, hana duka. Bando la wiki limekata siku ya tatu, na umeme ndo huu. Kila mtu elfu tatu, tumnunulie pawabenki. Majibu leo leo.

Shangazi Mwajuma, 19:31
Naona tiki za bluu kumi na moja. Mmekufa?

Hamisi, 19:33
Shangazi, mi nauza jogoo, mnamchangia lini? 😂

Jumanne, 19:35
Bando linaliwa na status. Aache kupost.

Zuhura, 19:36
Nikiacha nitakula nini kaka?

Issa Mwanga, 19:41
Kabla ya kumlaumu, Zuhura ingia Settings, Storage and data, kisha Network usage. Tuambie Media imepokea ngapi na Status imetuma ngapi.

Zuhura, 19:44
Media imepokea MB 870. Status imetuma MB 38.

Issa Mwanga, 19:47
Basi status haina kosa. Simu inapakua yenyewe kila video ya magrupu, hata za jogoo wa Hamisi. Hapohapo chini ya Media auto-download, gusa When using mobile data, toa tiki zote nne. Picha utafungua kwa kugusa, unayoitaka tu. Halafu rudi Settings, Chats, Chat backup, zima Back up using cellular.

Hamisi, 19:48
Jogoo kaonewa 😭

Tatu Gungu, 20:10
Na simu ikizima wateja wanahama. Aweke WhatsApp Business, ina ujumbe unaojijibu wenyewe.

Issa Mwanga, 20:13
Unajijibu kama simu iko hewani, Tatu. Ikizima hautoki. Ila katalogi mteja anaifungua hata wewe umelala. Zuhura aweke kila kitenge, bei na yadi zake, apige picha asubuhi mlangoni. Taa ya simu inadanganya rangi. Mteja wa Dodoma si alikurudishia ile ya njano?

Zuhura, 20:14
Njano niliyopiga kwa tochi. Nauli ya basi nililipa mie 😔

Shangazi Mwajuma, 20:15
Haya, na pawabenki? Elfu tatu tatu.

Jumanne, 20:17
Kwani lazima? Kwa kinyozi mwenye sola unachaji kwa jero.

Zuhura, 20:18
Kinyozi anafunga saa kumi na mbili. Oda zangu zinaingia saa mbili usiku.

Bibi Mgeni, 20:26
🎤 0:09

Shangazi Mwajuma, 20:27
Kwa wasio na bando, Bibi anasema: "Jumanne, pawabenki ya msiba wa babu yako tuliinunua wote. Iko wapi?"

Hamisi, 20:28
🤐

Shangazi Mwajuma, 20:52
Jumanne?

Jumanne, 21:40
Shikamoo Bibi. Ipo. Waya ndo sina.

Zuhura, 21:41
Waya ninao. Nije kesho?

Shangazi Mwajuma, 21:43
Michango iko palepale, mimi nishatoa.

Mjomba Ramadhani, 06:15
Simu ilizima, umeme umerudi alfajiri. Tunachangia msiba wa nani?