Naomba ushauri: rengi ya fankisheni pale diskriminanti inapokuwa kipeo cha pili kamili

Wakuu wa hesabu, habari zenu. Nafundisha tuisheni kidato cha tano na kuna swali linatugawa.

y = (x² − 3x + 2)/(x² − 1). Tafuta rengi.

Tunazidisha kwa asili, tunakusanya x upande mmoja:

(y − 1)x² + 3x − (y + 2) = 0

Ili x iwe namba halisi, diskriminanti isiwe hasi:

9 + 4(y − 1)(y + 2) = 4y² + 4y + 1 = (2y + 1)²

Hiyo haiwi hasi kamwe, kwa hiyo wanafunzi wanaandika kwamba rengi ni namba halisi zote na kufunga daftari. Lakini ukiweka y = 1, mlinganyo unabaki 3x − 3 = 0, yaani x = 1, na hapo asili ni sifuri. Ukiweka y = −1/2 unapata (x − 1)² = 0, tena x = 1 peke yake. Kwa hiyo rengi ni namba halisi zote isipokuwa 1 na −1/2. Chanzo ni kigawo cha shirika (x − 1). Ukikifuta inabaki (x − 2)/(x + 1).

Ninachoomba: diskriminanti ikitoka kipeo cha pili kamili namna hii, je, daima ni dalili ya kigawo cha shirika? Na mnaosahihisha mitihani, mwanafunzi akifuta kigawo kwanza bila kugusa diskriminanti, wakati swali limetaka njia hiyo, mnampa alama?