Gesi ya dampo la Pugu: tuichome au tuzalishe umeme?

Mzaramo_Halisi: Wakuu, gesi ya dampo la Pugu Kinyamwezi ichomwe tu, au iwashie watu taa? Mie naona kuichoma ni kuchoma pesa.

BabaSwaumu: Kuchoma tena? Nakaa huku, moshi usiku unaingia mpaka ndani ya chandarua. Halafu mnataka kuongeza moto!

Fundi_Bomba: Kaka, huo ni moshi wa taka zenyewe. Methani ikichomwa vizuri haitoi moshi, mchana hata mwali huuoni. Na mara nyingi moto wa chini unaletwa na hewa. Kisima cha gesi ni bomba lenye matundu lililozungushiwa kokoto, na feni inafyonza. Ukifungua valvu kwa pupa, hewa inapenya kwenye nyufa za udongo wa juu. Kisima kilichokuwa na methani asilimia 52 unakikuta na 38, na oksijeni imepanda kutoka 0 hadi 4. Bakteria wa methani hawaivumilii oksijeni, na taka za chini zinaanza kufukuta. Ukishika bomba ukaona lina moto kuliko ya jirani, punguza valvu siku hiyohiyo, usisubiri moshi.

Mama_Tabata: Kwenye dampo la Mtoni si walikuja Waitaliano na mradi wa kaboni, 2007 kama sikosei? Umeme wake nani aliuona?

Bosi_wa_Kijiwe: Wanaolia moshi walihamia wenyewe. Dampo mlilikuta.

BabaSwaumu: Nililikuta?! Msingi wangu ulikauka kabla ya lori la kwanza kumwaga. Wewe unakaa wapi, Masaki?

Mama_Tabata: Hata Tabata tuliambiwa hivyohivyo. Mkazi mwenzetu Kessy akaipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa dampo la kwetu, tukashinda 1988. Au 1989?

Bosi_wa_Kijiwe: Mlishinda, taka zikaenda kwa wenzenu. Hongereni.

Mzaramo_Halisi: Jamani, swali langu!

Fundi_Bomba: Mzaramo, mita za ujazo 300 kwa saa, nusu yake methani, zinatoa kilowati 500 hivi. Sawa. Ila taka zetu ni maganda na mabaki ya ugali, zinaoza upesi. Gesi inapanda mapema, na mkiacha kumwaga inashuka mapema. Ukinunua injini ya kipimo cha kilele, baada ya miaka michache inashinda njaa. Choma kwanza, pima mwaka mzima, ndipo uagize injini. Na kuchoma si hasara: tani 1 ya methani ikitoroka inapasha dunia kama tani 28 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Ikiungua, inabaki kaboni dioksidi tani 2.75.

Mzaramo_Halisi: Na nani atalipa huo mwaka wa kupima?

BabaSwaumu: Bosi hajajibu. Unakaa wapi?

Bosi_wa_Kijiwe: Gongo la Mboto.

BabaSwaumu: Ala! Kumbe jirani. Na moshi huusikii?