Consignee unavailable, Address incomplete, Held at depot: nisubiri, nivuke, au nimwandikie muuzaji?

Fundi_Machomane
Assalamu alaikum. Nimeagiza bodi ya friji kutoka Guangzhou, ya mteja wangu anayeuza samaki. Mzigo umefika Zanzibar tokea Jumanne, na kila nikifungua ukurasa wa kufuatilia nakuta maneno mapya:

```
Tue 15:10  Arrived at depot - Zanzibar
Tue 17:58  Consignee unavailable
Wed 18:03  Address incomplete
Thu 08:40  Held at depot
```

Mimi nipo Chake Chake. Sikutoka dukani siku zote tatu na simu ninayo mkononi, sasa huyo aliyenikosa alinitafuta wapi? Jirani yangu anasema nisubiri, watarudia mpaka mara tatu. Mke wangu anasema nipande boti nikauchukue Unguja. Mimi nafikiria kumwandikia muuzaji. Ipi yenye maana? Anwani niliyompa ni jina langu, Machomane, Chake Chake, Zanzibar, na sanduku la posta.

Mama_Vitenge
Kaka, hiyo ya mwisho ni forodha. Wakishika mzigo ndo hivyo, wanataka ushuru. Tayarisha pesa na risiti ya manunuzi, mengine usijisumbue.

Baharia_Mkoani
Bodi ya friji si kitu kikubwa. Miye mizigo yangu yote nampa kijana wa botini, jioni nimeshaipokea gatini. Haina namba wala maneno ya kizungu.

Fundi_Machomane
Ahsante, lakini huu umeshafika Unguja, umo ndani ya ghala lao. Huyo kijana hawezi kuingia akautoa.

Kaunta_Malindi
Nimekaa kaunta ya kampuni ya vifurushi miaka tisa, na maneno haya nimeyabonyeza kwa mkono wangu. Kwanza fahamu kuwa hakuna anayeandika sentensi. Dereva ana kifaa, ndani yake mna orodha ya sababu, anachagua moja. Jioni hawezi kurudisha mzigo ghalani bila kuupa sababu, kwa hiyo mizigo yote iliyobaki garini anaipitisha kwa pamoja. Hebu tazama saa zako: saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, na siku ya pili saa kumi na mbili na dakika tatu. Hizo ni saa za kufunga gari. Si saa za kugonga mlango.

Na mzigo ulifika Unguja saa tisa alasiri. Hakuna dereva atakayevuka bahari, akakutafuta Machomane, akakukosa, kabla ya saa kumi na mbili. Nadhani alisoma "Zanzibar" kwenye lebo akakuweka kwenye gari la mjini, akapiga simu, haikuingia, akabonyeza kwamba hupo. Kesho yake mwenzake akaona hakuna mtaa huo upande wake na sanduku la posta halipokei mzigo wa kusainiwa, akabonyeza kuwa anwani haijatimia. Asubuhi yake karani akauweka rafuni. Kwa hiyo usizisome kama matukio matatu. Ni tatizo moja lililopewa majina matatu, na mimi naanza kuitilia shaka namba ya simu.

Kungekuwa na mstari wa kwanza peke yake, ningekwambia piga simu tawini siku ileile, wape namba ya mzigo, omba kesho dereva akupigie kabla ya kutoka. Hapo kusubiri kunavumilika, maana mzigo utarudi garini wenyewe. Lakini ukishaingia mstari wa anwani, mzigo hautoki tena mpaka mtu atoe maelekezo. Ukisubiri, unasubiri rafu. Siku zikipita unarudishwa kwa mtumaji, na huyo wa Guangzhou hatalipa nauli mara ya pili.

Mama_Vitenge
Sasa forodha haimo kabisa?

Kaunta_Malindi
Hujakosea sana, dada yangu. Kuna mizigo inayokaa depo kwa sababu kampuni imelipa ushuru mbele na inakungoja uwarudishie. Ila huu ulishapandishwa gari mara mbili, na mzigo usiopita forodha haupandishwi gari. `Held at depot` peke yake haisemi kitu. Lazima usome mstari ulio kabla yake. Ukitanguliwa na habari ya malipo, ni pesa. Ukitanguliwa na anwani, kama wa Fundi, pesa haitausogeza.

Nyumba_ya_Wageni_Paje
Mimi nilipata hiyo ya kwanza nikiwa nimekaa barazani! Dereva alifika kweli, akamuuliza mlinzi jina la mgeni aliyeagiza. Mlinzi hamjui, akasema hapa hakuna mtu huyo. Tokea siku hiyo kila mgeni namwambia aandike jina lake, halafu jina la nyumba na namba yangu. Kwa hiyo si kila mara dereva ni mwongo, jamani.

Kaunta_Malindi
Kweli, na hiyo saa yake ingesoma mchana. Fundi, usivuke bado. Piga tawi la Unguja, uwaulize mambo mawili: lebo ina namba gani ya simu, tarakimu kwa tarakimu, na kama wana njia ya kuufikisha Chake. Kusahihisha simu au kuongeza alama ya karibu, mpokeaji anaweza kuomba mwenyewe. Kubadilisha mji, na kwa wengi wao kisiwa ni mji mwengine, wanataka kauli ya mtumaji kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Kwa hiyo muuzaji mwandikie leo leo, lakini usimfanye yeye kuwa simu ya kwanza. Na kesho Ijumaa, piga kabla ya saa tano.

Fundi_Machomane
Nimepiga. Subhanallah! Kwenye lebo namba imeanza na 255, halafu sifuri, halafu yangu, na tarakimu ya mwisho haipo.

Kaunta_Malindi
Ndiyo hiyo. Baada ya 255 zinatakiwa tarakimu tisa tu. Usipoiondoa sifuri ya mbele, inakula nafasi na ya mwisho inakatika. Nimeiona hiyo mara nyingi hata sihesabu.

Fundi_Machomane
Simu wameisahihisha. Kuuleta Pemba wanasema wanapeleka kwa wakala, hawana siku maalumu, na kauli ya muuzaji bado. Samaki wa mteja hawangoji. Nina mpwa wangu Kikwajuni, anaweza kuuchukua?

Kaunta_Malindi
Anaweza. Waambie kwanza wauandike kuwa utachukuliwa kaunta, la sivyo kesho utapandishwa gari tena na mpwa atakuta rafu tupu. Mpe barua yako yenye namba ya mzigo, nakala ya kitambulisho chako cha Mzanzibari, na yeye achukue chake. Jina la kwenye barua liwe lilelile la kwenye lebo. Ukiwa umejiandika jina la duka, sema mapema.

Baharia_Mkoani
Na mpwa akishaupata ampe kijana wa botini. Nilisema mie.

Fundi_Machomane
Haya, hapo umeshinda. Swali la mwisho: kaunta wametaja malipo ya ghala. Wanahesabu tokea Jumanne ulipofika, au tokea leo walipojua namba sahihi?

Kaunta_Malindi
Kwetu tulihesabu tokea siku mpokeaji alipojulishwa. Wengine wanahesabu tokea kufika. Mwambie mpwa awaoneshe kosa la namba kabla hajatoa pesa.

Nyumba_ya_Wageni_Paje
Mimi nilihesabiwa tokea kufika, nikabishana, wakanifutia siku mbili tu.