Gego la kesho: bloku au ganzi ya kuzungushia jino?

Kijana_Uyole
Wakuu, nasoma utabibu wa meno hapa Mbeya. Kesho asubuhi nang'oa gego mbele ya msimamizi, na lazima nimweleze mpango wangu wa ganzi kabla ya kugusa sindano. Nipige bloku niizime neva nzima, au nizungushie tu dawa kwenye jino? Mishipa ya fahamu ya meno inanichanganya.

Ntwa_wa_Tukuyu
Gego lipi? La juu au la chini? Mtu mzima au mtoto?

Koleo_Iringa
Chini ni bloku. Neva moja inaingia ndani ya taya na kulisha meno yote ya upande huo. Ukishapiga, umemaliza, shika koleo.

Kijana_Uyole
Samahani, ni wagonjwa wawili, wote watu wazima. Mmoja jino namba 46, gego la chini kulia; mwingine namba 16, gego la juu kulia.

Dada_Meno
Koleo, meno umeyamaliza, ufizi bado. Neva ya shavu inajitenga juu kabisa kabla ile ya alveola ya chini haijaingia kwenye mfupa, kwa hiyo dawa ya bloku haiifikii. Mgonjwa atakwambia mdomo umekufa ganzi, halafu unapoachanisha ufizi na 46 upande wa shavu anaruka kwenye kiti.

Mimi wanafunzi nawapa neno MUSHA: Mdomo, Ulimi, SHAvu. Mdomo wa chini ukifa ganzi mpaka katikati, neva ya alveola ya chini imeshikwa. Nusu ya ulimi ikifa ganzi, neva ya ulimi imeshikwa. Hiyo unaipata kwa sindano ileile ukiirudisha nyuma nusu na kuacha dawa kidogo. Shavu ni sindano yake peke yake, nyuma kidogo ya gego la mwisho upande wa nje, si ya kina. Matone machache yanatosha. Subiri dakika tatu mpaka tano, uliza mdomo na ulimi, kisha choma ufizi wa nje kwa ncha ya probu. Herufi moja ikikosekana, koleo lisiguswe.

MtuWaMafinga
Mimi si daktari. Nilichomwa ganzi ya gego la chini kwenye kliniki moja, siitaji. Nikiwa bado kwenye kiti jicho likakataa kufumba, mdomo ukaenda upande, maji yanamwagika kifuani. Jino lenyewe linauma vilevile! Mke wangu alipokuja kunichukua akaanza kulia, anajua ni kiharusi. Jioni hali ikarudi yenyewe. Tangu hapo natafuna upande mmoja tu. Hivi jicho na jino wapi na wapi?

Dada_Meno
Pole, kaka. Sindano ilipitiliza nyuma bila kugusa mfupa, dawa ikamwagika kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Neva ya uso inapita humo, ndiyo inayofumba jicho. Dawa ikiisha nguvu hali inarudi. Kwa wakati huo jicho lifunikwe lisikauke. Kijana, ndiyo maana ncha iguse mfupa kwanza, kwa kawaida kina cha milimita 20 hadi 25. Usipougusa, usimimine: rudi ujipange upya. Ukiugusa, rudi nyuma kidogo, vuta uone kama kuna damu, ndipo umimine taratibu.

Kijana_Uyole
Ndaga, dada. Na 16?

Koleo_Iringa
Juu rahisi, mfupa una vitundu vidogo, dawa inapenya, zungushia tu.

Ntwa_wa_Tukuyu
Rahisi, ila 16 ina wenyewe wawili. Juu kuna neva tatu: ya nyuma kwa magego, ya kati kwa magego madogo, ya mbele kwa chonge na meno ya mbele. Mzizi wa mbele wa 16, ule wa upande wa shavu, mara nyingi unalishwa na ile ya kati. Ukipiga bloku ya nyuma peke yake, mzizi huo unabaki macho. Tena wapo watu wasio na neva ya kati kabisa. Kwao jirani zake hulisha eneo hilo. Mimi ninazungushia. Pale juu ya 16 mfupa wa shavu huwa mnene kwa baadhi ya watu, dawa haipenyi vizuri, basi nagawa: kidogo juu ya 17, kidogo juu ya 15. Halafu usisahau kaakaa. Pana neva yake, na panauma kuchomwa, kwa hiyo bonyeza kwanza kwa kidole.

Koleo_Iringa
Ganzi ya artikaini inazungushiwa hata chini siku hizi, bloku za nini?

Dada_Meno
Inasaidia, hasa kuongezea bloku. Kung'oa 46 kwa kuitegemea peke yake, mimi hapana.

Ntwa_wa_Tukuyu
Ipo kwenye kabati lao lakini? Mpange kwa lidokeini.

Mama_Ilemi
Mwanangu ana miaka 8, gego la utoto la chini limeoza. Naye atapigwa hiyo bloku?

Dada_Meno
Si lazima, mama. Mfupa wa mtoto si mgumu kama wa mtu mzima, kuzungushia huweza kutosha. Bloku ikihitajika, sindano inaelekezwa chini zaidi, kwani tundu la neva kwa mtoto liko chini.

MtuWaMafinga
Na baridi hii ya Julai, dawa si inaganda?

Koleo_Iringa
Haigandi, ila ikiwa baridi inachoma. Mimi naishika mkononi kwanza.

Ntwa_wa_Tukuyu
Kinachochoma zaidi ni kumimina kwa haraka.

Koleo_Iringa
Njoo Iringa asubuhi ndio tubishane.