Wakala wangu wa Faza amenisusia kwa sababu ya yule wa Kizingitini. Nisaidieni

TaaZaAmu: Assalaam aleikum. Nina duka la taa za sola hapa Amu, karibu na jeti. Nina wakala Faza na mwingine Kizingitini. Taa nawapa kwa 1,500, wauze 2,000. Wa Kizingitini alipochukua 40 nikampunguzia mpaka 1,350, apate moyo. Mwezi haujaisha, vijana wake wanazitembeza Faza kwa 1,700. Wa Faza kanirudishia taa 9, maboksi hata hayajafunguliwa: "Watu waniuliza maswali nusu saa, kisha wanunua kwa wale."

DukaLaKona: Rahisi hiyo. Waandikishe kwamba hakuna kuuza chini ya 2,000, na kila mtu na mji wake. Akivuka, mkatie mzigo.

BintiShela: Taa hizo si nzima. Nilirudishiwa tano.

TaaZaAmu: Dada, walikuwa wakiziweka kwenye jua?

BintiShela: Kumbe! Mmoja aliiweka paneli ndani, nyuma ya dirisha. Mimi sikuambiwa na mtu.

MzeeWaJumla: DukaLaKona, la bei liache. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inakataza kumwekea muuzaji bei ya chini kabisa. Pendekeza tu, naye ajue ni pendekezo. Na Faza na Kizingitini ni kisiwa kimoja, utamzuia nani kuvuka?

TaaZaAmu, vita umeianzisha wewe. Punguzo ulilitoa mbele, mwenzio akaligeuza bei. Wape wote kwa 1,500. Ile 150 ilipe mwisho wa mwezi, kwa kadi za waranti zenye simu na mji wa mnunuzi. Katika zile 40, tuseme 28 zimebaki Kizingitini: wakala wa huko apata 4,200. Zile 12 zilizoingia Faza, 1,800 yake mpe wa Faza, kwa kuwa taa ikizima ndiye atakayegongewa mlango. Jumla 6,000, ile ile uliyokwisha kuitoa. Pigia wateja wachache simu, kadi za uongo zitakuja.

Na mafunzo yasiwe hotuba. Kaa na kila wakala saa moja, mpe taa iliyorudishwa, atafute mwenyewe kosa: paneli imewekwa kivulini, ina vumbi la chumvi, au waya umelegea.

Swali moja: wewe dukani wauza ngapi?

TaaZaAmu: 2,000. Ila mtu ninayemjua, 1,600.

MzeeWaJumla: Amu nzima mnajuana! Mtu wa Faza akija mjini kwa shughuli zake anarudi na taa yako kwenye boti. Huyo wakala ulimpunja kabla ya Kizingitini.

DukaLaKona: Mimi bado nasema mkatie mzigo.

TaaZaAmu: Kadi nitachapisha wiki hii. Hilo la 1,600 ndilo zito, nusu ya wateja wangu ni mashemeji. Na wa Faza simu hashiki tangu Ijumaa.