Naomba ushauri: taswira ya mwisho ya lenzi na kioo bapa

Wanajamvi, pini yangu iko sentimita 30 mbele ya lenzi ya kukusanya mwanga yenye umbali wa fokasi wa sentimita 20, na kioo bapa kiko sentimita 50 nyuma ya lenzi. Lenzi peke yake ingeweka taswira kwenye sentimita 60, yaani 10 nyuma ya kioo, kwa hiyo kioo kinairudisha 10 mbele yake, sentimita 40 kutoka kwenye lenzi. Mwanga unapopita lenzi mara ya pili, ninapata taswira halisi sentimita 40 upande wa pini, iliyosimama wima, mara mbili ya pini.

Mwenzangu anaweka -40 kwa sababu mwanga umegeuka, naye anapata 13.3. Je, ishara hupimwa upya kwa kila safari ya mwanga, kama ninavyodhani?